Watu Hawaongei Hivi

Afande hakuwa mtu wa kuambiwa jambo mara mbili, na hasa hakuwa mtu wa kuambiwa na binti wa umri wa kitinda mimba wake kwamba hajui watu wanavyoongea. Alikuwa amestaafu polisi akiwa sajenti, lakini jina la Afande lilimganda. Hata muuza vocha aliyemfahamu jana alimwita hivyohivyo. Miaka thelathini na moja alikaa nyuma ya meza ya kituo akiandika maelezo ya watu: walioibiwa, walioiba, walioona, na wale walioapa hawakuona kitu huku macho yamewatoka. Kama kuna kiumbe aliyewasikia binadamu wakiongea, basi ni yeye. Sasa huyu mhariri, na miwani yake iliyogandishwa kwa gundi, anamwambia nini?

"Mama, hadithi yako nzuri," mhariri alisema. "Nimeisoma siku mbili, na ya pili nilisahau kula. Fumbo limekaa, polisi wako ni polisi kweli. Shida moja tu. Watu wakifungua mdomo, kitabu kinakufa."

Walikuwa wamekaa ofisini kwake, chumba kimoja juu ya duka la madaftari, feni ikizunguka kwa kusuasua na vitabu vimepangwa hadi kwenye ngazi. Nyumba hii ya uchapishaji ilikuwa na nafasi ya riwaya moja ya upelelezi mwaka ule. Moja, basi. Miswada miwili ilikuwa imefika mwisho, wa Afande na wa mtu mwingine ambaye Afande hakutaka hata kumjua, na Alhamisi ya wiki ijayo mkurugenzi angechagua. Huyo mkurugenzi naye alikuwa na tabia yake. Hasomi mwanzo. Anafungua penye mazungumzo, anasoma kwa sauti, na sikio likikataa anafunga na kuomba chai. Kwa Afande angefungua sura ya kumi na tisa, mshukiwa anapohojiwa hadi anakiri, maana ndipo riwaya nzima ilipokuwa inaelekea.

Na Afande alikitaka kitabu kile, tusifichane. Alikiandika miaka minne kwa mkono, madaftari tisa. Kazini kila alichowahi kuandika kilitiwa sahihi na mtu mwingine, au dole gumba la mtu mwingine. Mara hii alitaka kitu chenye jina lake juu.

"Kinakufaje?" aliuliza, na ile sauti ya kituoni ikamtoka bila kuitwa.

Mhariri hakutishika. Alifungua ukurasa aliokuwa ameutia alama ya penseli, akasoma, taratibu kabisa, pale ambapo mume anaongea na mkewe kitandani.

"'Je, mke wangu, unakumbuka kwamba mnamo siku ya Jumanne nilikufahamisha kuwa mdogo wangu, ambaye ni mmiliki wa mashine ya kusaga nafaka, hajarejea nyumbani?' 'Ndiyo, mume wangu, ninakumbuka vizuri kwamba ulinifahamisha hivyo.'" Akaweka karatasi chini. "Mama, nyumbani kwako mnaongea hivi?"

"Nyumbani kwangu hajafa mtu."

Mhariri alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akamweleza, na kwa kweli alijua kazi yake. Huyu mke, alisema, shemeji yake anamjua. Anajua ana mashine. Hakuna mume anayemtangazia mkewe kazi ya ndugu yake wakiwa kitandani. Pale mume haongei na mke, anaongea na msomaji, na msomaji si mjinga, anasikia kwamba anasemeshwa yeye. Halafu hizo "je" na "mnamo". Halafu kila anayeulizwa anajibu alichoulizwa, chote, kwa sentensi nzima, na hakuna anayemkatiza mwenzake. Halafu kubwa kuliko yote: wote wana mdomo mmoja.

"Mdomo mmoja vipi?"

Mhariri alichana vipande vya karatasi, akaziba kila mahali palipoandikwa nani amesema, akamsogezea ukurasa. "Soma maneno tu. Nani anaongea hapa?"

Afande alisoma. Akasoma tena. "Inspekta," alisema kwa uhakika wote.

Mhariri aliondoa kikaratasi. Alikuwa mwizi wa kuku.

Hapo damu ikampanda. "Sikiliza, mwanangu. Mimi nimewasikiliza watu miaka thelathini na moja. Wewe una miaka mingapi?"

"Ishirini na tisa. Na naamini uliwasikiliza, mama," mhariri alisema kwa upole. "Lakini ulipowasikiliza, uliandika nini?"

Jibu Afande alilijua. Mtu anaingia kituoni anatweta, anasema, "Afande, yule mshenzi kanizaba kofi mbele ya wanangu, kofi hilo, yaani nimeona nyota mchana." Na yeye, kwa ule mwandiko wake mzuri uliosifiwa hadi makao makuu, anaandika: *Nilipigwa kofi moja upande wa kushoto wa uso.* Ndiyo ilikuwa kazi. Mahakama haitaki nyota za mchana. Miaka thelathini na moja watu walimletea maneno mabichi, yeye akayapika yote kwenye sufuria moja, na sasa mkono ulikuwa hauwezi kupika kingine.

Alitoka pale na mswada kwapani na maagizo mawili. Kwanza, mtu mwingine ayasome mazungumzo kwa sauti, mtu ambaye hajayaona. Si yeye, maana mwandishi akisoma mwenyewe mdomo wake unanyoosha palipopinda bila hata kujua. Kazi yake ni kunyamaza na kutia alama pale msomaji anapojikwaa. Pili, avizibe vile vya nani kasema, ukurasa hadi ukurasa, kama alivyoonyeshwa. Ngazi zote alishuka akinung'unika. Lakini hakufa moyo, nataka mlielewe hilo. Afande akipewa amri inayoeleweka anaitekeleza, hata kama aliyeitoa amekosa adabu.

Nyumbani mumewe alikuwa dirishani kwenye meza yake, kioo cha kukuzia kimembana jichoni. Yeye ni fundi saa, mtu wa maneno machache, na machache hayo huyatoa kama anayalipia ushuru. Na dada yake alikuwepo, kama kila alasiri. Wifi huyo alikaa nyumba ya tatu, akashona nguo, akajua habari za mtaa mzima kabla hazijatokea.

"Wifi, njoo hapa, una kazi," Afande alisema. "Na wewe, baba watoto, acha hiyo saa."

Aliwagawia karatasi. Fundi saa awe mume, wifi awe mke. Yeye akakaa na penseli.

Wifi alianza kwa madaha, shingo juu. Kufika kwenye "ninakumbuka vizuri kwamba ulinifahamisha" ulimi ukamkwama. Akarudia. Ukakwama palepale. "Wifi yangu, hebu niambie ukweli," alisema. "Huyu mwanamke ana homa?"

"Soma."

"Maana mimi mume wangu, Mungu amrehemu, angeniuliza 'je, mke wangu, unakumbuka kwamba mnamo', ningemkimbiza hospitali palepale."

Fundi saa alikuwa ameinamisha kichwa na mabega yanatikisika. Miaka thelathini na minne ya ndoa, na Afande hakuwahi kumwona akicheka hivyo, kimyakimya, machozi yanamtoka kwenye jicho lenye kioo. Iliuma, sitasema haikuuma. Lakini penseli haikusimama. Walipomaliza kurasa nne, wakabadilishana na kusoma tena, alihesabu alama arobaini na moja, na akaona jambo ambalo lingemfurahisha mpelelezi yeyote: walijikwaa mahali palepale wote wawili. Basi kosa halikuwa la wasomaji.

Siku iliyofuata aliwaomba ruhusa, akaweka simu mezani irekodi. Wifi akijua anarekodiwa aliongea kama mtangazaji wa redio, Kiswahili cha sherehe tupu. Robo saa baadaye alikuwa amesahau, na hapo ndipo Afande akatega sikio.

"Umekula?" wifi alimwuliza kaka yake.

"Fundi bomba hajaja."

"Basi njoo kwangu, kuna kiporo."

Afande alisimamisha simu, akarudisha nyuma, akasikiliza tena mara tatu. Mtu kaulizwa kama amekula. Kajibu kuhusu bomba. Na mwulizaji kaelewa kila kitu: maji hayapo, hakijapikwa kitu, ana njaa, na kusema ana njaa hataki. Maneno matatu. Kituoni angeandika nusu ukurasa, tena angempigia meza mtu huyo, "Jibu swali uliloulizwa!" Afande alijicheka mwenyewe, na furaha ikampanda, ile ya zamani ya kupata alama ya kidole kwenye kioo.

Basi akavamia mswada. Na kwa kuwa hakuna anayejua kiasi siku ya kwanza, alivuka mpaka. Alimwaga humo kila kitu kilichotoka kwenye simu, "eeh" zote, "yaani" zote, kikohozi, salamu za dakika mbili, wifi akirudia jambo moja mara nne. Akapiga picha kurasa tano, akamtumia mhariri, akakaa anasubiri sifa.

Simu ililia baada ya nusu saa. "Mama, sasa umehamia upande wa pili," mhariri alisema. "Jana walikuwa mahakamani, leo wako sokoni na mimi nimepotea. Nani anataka kusoma mtu anakohoa?"

"Si ulisema watu waongee kama watu?"

"Nilisema wasikike kama watu. Ukiandika kila neno linalotoka mdomoni, msomaji analala. Chagua. Umesikia mistari kumi, chukua ule mmoja ambao mwingine hawezi kuusema, tisa tupa. Halafu mpe wifi yako asome. Asipojikwaa, na akiuliza 'halafu?', umefika."

"Na nikitaka kumaliza sura ya kumi na tisa?"

"Hiyo," mhariri alisema. "Hiyo ndiyo imekauka kuliko zote. Pale usirekebishe neno moja moja. Funga daftari, weka mbali. Mkalishe mtu akuhoji, wewe uwe mshukiwa, useme kwa mdomo bila kusoma. Ukishasema ndipo uandike."

Ilikuwa Ijumaa. Kufikia Jumatatu Afande alikuwa amepita sura kumi na nane kama jembe jipya. Mume na mke kitandani walibaki hivi:

"Hajarudi."

"Atarudi."

"Simu haipokei."

"Lala basi, na mimi nilale."

Wifi aliisoma mara moja, hakujikwaa, akageuza karatasi kuangalia nyuma. "Halafu?" aliuliza. Afande alimnyang'anya karatasi ili asione amefurahi. Akaziba vya nani-kasema kwa vipande vya gazeti: sasa mwizi wa kuku alijulikana kwa kujitetea kabla hajashitakiwa, Inspekta kwa kuuliza swali kisha kukaa kimya, mke kwa kukata maneno. Aliona Alhamisi iko mfukoni. Hata alikuwa ameanza kuchagua gauni.

Jumanne baada ya chakula cha mchana akaiendea sura ya kumi na tisa.

Sasa lazima niwaambie sura ile ilitoka wapi. Afande hakuibuni. Miaka ishirini na sita nyuma aliletewa fundi baiskeli, kijana, nguo zake zina damu ya mdogo wake aliyekutwa barabarani amepigwa kichwani. Afande ndiye aliyeandika maelezo. Kijana alikiri. Aliandika, akamsomea, kijana akaitikia kwa kichwa, akatia sahihi. *Mimi ndiye niliyemuua marehemu mdogo wangu.* Baada ya wiki saba wakakamatwa majambazi wawili wakiuza gurudumu la baiskeli alilokuwa amelibeba marehemu, na kijana akaachiwa. Afande alikasirika, na hasira hiyo alikaa nayo miaka yote. Kwa nini mtu akiri asilolitenda? Alipokuja kuchukua mkanda na viatu vyake mezani, Afande alimwambia, "Siku nyingine usidanganye polisi." Kijana alimtazama, akachukua mkanda, akaenda zake. Katika riwaya Afande alimpa kazi nyingine, akampa mdogo mwenye mashine ya kusaga, na akaweka mambo yalivyostahili kuwa: aliyekiri ndiye aliyeua. Lakini maneno ya kukiri aliyanakili yaleyale, maana nani angeweza kumwambia kwamba hayo si ya kweli?

Alifunga daftari, akalifungia kabatini. Akamwita mumewe.

"Wewe ni polisi. Unihoji."

"Nikuhoji nini?"

"Mdogo wangu ameuawa. Uliza tu, baba watoto, usinichoshe."

Fundi saa aliweka kioo pembeni, akafuta mikono kwa kitambaa, akakaa mbele yake. Hajui kuhoji. Aliuliza kama ambavyo angemwuliza jirani.

"Kwani ilikuwaje?"

Afande alifumba macho amwone yule kijana. Hakutafuta sentensi. Aliona mikono yake, grisi kwenye kucha, jinsi alivyokuwa anaikanda kofia. Na mdomo ukaanza wenyewe.

"Nimemuua mdogo wangu," alisema. "Nimemuua mimi. Nilikuwa nimekaa, nikamwambia wewe nenda kalete hilo gurudumu, mimi nimechoka. Akasema giza. Nikamwambia acha uvivu. Ningekwenda mwenyewe. Ningekwenda mwenyewe, afande, mimi ningekwenda mwenyewe."

Mumewe alinyoosha mkono, akamshika bega.

"Pole," alisema.

Afande alifumbua macho. "Pole ya nini?"

"Ya msiba."

"Msiba gani? Mimi muuaji hapa. Nimekiri. Umesikia nimekiri?"

"Muuaji gani anasema ningekwenda mwenyewe?" Fundi saa alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Huyo kafiwa, mama. Huyo anajilaumu. Hata mtoto angesikia."

Afande aliinuka, akaenda jikoni, akasimama na mikono juu ya sinki ambalo bado halikuwa na maji. Maneno hayo hakuyabuni dakika ile. Yalikuwa ya kijana yuleyule, kwa sauti yake, na yeye aliyasikia yote, mpaka la mwisho. Aliyasikia na akayapima kama alivyofundishwa. "Ningekwenda mwenyewe" haihusiki; haielezi tukio. "Nimechoka" haihusiki. "Nimemuua mimi" ndiyo ilihusika, akaichukua, akaipiga pasi: *mimi ndiye niliyemuua marehemu.* Kila mtu anayeongea lugha hii ameshawahi kusema au kusikia nimemuua mwanangu, nimemuua mama yangu, na watu wakamshika mkono wakamwambia pole. Hakuna anayekimbilia pingu. Lakini andika "niliyemuua marehemu" uone. Na alipomsomea akaitikia kwa kichwa. Mtu aliyelia siku mbili anaitikia lolote. Kijana hakudanganya polisi hata kidogo.

Alilia. Hakuwa mtu wa kulia, na alilia kwa hasira, akijipiga paja kwa kiganja, mpaka mumewe akaja mlangoni akasimama tu.

"Nilimwambia asidanganye," Afande alisema. "Mimi. Nilimwambia yeye."

Jumatano asubuhi alikwenda mtaa ule wa zamani wa mafundi. Palipokuwa na karakana ya baiskeli palikuwa na duka la rangi. Mwenye duka hakumjua mtu kama huyo. Mzee wa karibu alisema fundi yule alihama zamani, mwaka uleule alioachiwa, hakuaga. Afande alirudi nyumbani kwa miguu.

Njiani alipiga hesabu ya mambo yake, maana Alhamisi ilikuwa kesho. Njia salama ilikuwa wazi. Angeweza kulainisha kukiri kule, atoe "marehemu", aweke vituo viwili vitatu vya kusitasita, na ule mstari wa ningekwenda mwenyewe auache nje. Ungesikika vizuri. Wifi asingejikwaa. Muuaji angebaki muuaji, fumbo lingefunga, mkurugenzi angesoma na kitabu kingetoka na jina lake juu. Ama aandike alichosikia, na hapo riwaya inavunjika katikati, kwa sababu mtu anayesema vile hajaua, na kurasa mia mbili zinasema kaua. Mwandishi mwenye akili hapeleki mswada uliovunjika siku ya kuchaguliwa.

Alikaa mezani, akaandika alichosikia. Ilimchukua saa mbili. Hakumpa mtu aisome.

Alhamisi, saa nne asubuhi. Mkurugenzi alikuwa mwanamke mpana mwenye sauti nzito, viatu amevivua chini ya meza. Mswada mwingine ulikuwa mbele yake, umeshasomwa, hakusema ameuonaje. Akauvuta wa Afande, akafungua sura ya kumi na tisa bila salamu nyingi.

"Mimi nitakuwa polisi," alimwambia mhariri. "Wewe uwe huyu bwana." Na wakaanza.

"Kaa."

"Nimekaa tangu asubuhi."

"Utakunywa maji?"

"Nimemuua mdogo wangu."

"Nimekuuliza maji."

"Hapana. Sijui. Lete. Nimemuua mimi, afande. Nilikuwa nimekaa, miguu juu ya stuli. Nikamwambia nenda kafunge mashine, mimi nimechoka. Akasema giza. Nikamwambia acha uvivu. Ningekwenda mwenyewe. Ningekwenda mwenyewe."

Sauti ya mhariri ilikuwa imeshuka. Mkurugenzi aliendelea na sehemu iliyofuata, ambayo haikuwa na mazungumzo: Inspekta anachukua kalamu, anaandika ule mstari wa kwanza kwa mwandiko mzuri, mingine haiandiki. Anamgeuzia mtu karatasi. Mtu anatia sahihi bila kuangalia.

Mkurugenzi hakufunga. Hakuomba chai. Alirudi nyuma akasoma tena, safari hii kimya, midomo inacheza.

"Mbona haandiki hayo mengine?" aliuliza.

"Anaona hayahusiki," Afande alisema.

"Lakini kayasikia."

"Kayasikia yote."

Mkurugenzi alipekua karatasi za mbele, akatafuta, akakuta ukurasa mweupe. "Sasa nani kamuua yule mwenye mashine?"

"Sijui bado," Afande alisema. Hakupepesa macho. "Huyu hakuua."

Mhariri alimgeukia, miwani imemshuka puani. "Mama, nyuma huko kila kitu kinasema kaua. Damu, ugomvi wa urithi, yule shahidi..."

"Nitaving'oa. Vyote. Inspekta atakaa na hiyo karatasi mpaka aone alichokifanya, halafu ndipo atatafuta aliyeua. Hicho ndicho kitabu. Kile kingine nilikuwa nimekosea." Akaweka mikono mezani. "Kama nafasi ni ya mswada uliokamilika leo, mpeni mwenzangu. Sitalalamika. Lakini huyu mtu sitamrudisha ndani."

Mkurugenzi alivaa kiatu kimoja, akavua tena. Alimtazama mhariri, mhariri akaitikia kwa kichwa mara moja. Basi mkurugenzi akauinua ule mswada mwingine kwa mikono miwili, akauweka sakafuni karibu na kiti.

"Miezi minne," alisema. "Na usiniletee mtu mwingine anayeongea kwa sentensi zilizokamilika. Niletee hawa."

"Miezi minne inatosha."

"Jambo moja," mkurugenzi alisema, kidole kikiwa juu ya mstari. "Hii 'ningekwenda mwenyewe'. Nimesoma miswada miaka ishirini, watu hawabuni kitu kama hiki wakiwa mezani. Umekitoa wapi?"

"Aliniambia mtu," Afande alisema. "Miaka ishirini na sita iliyopita, nikiwa na kalamu mkononi. Jana ndiyo nimemwandikia."